Masaa manane juu ya Corolla nyeupe: uchambuzi wa shambulio la droni la Kabul, 29 Agosti 2021

Kila droni inapotajwa Goma, swali huwa lile lile: yule anayeangalia kule juu anaona nini hasa? Anaweza kumtofautisha mtu aliyebeba silaha na mtu aliyebeba bidoni? Shambulio moja linatoa jibu lenye ushahidi kuliko mengine mengi, nalo halikutokea Kivu. Lilitokea Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, ambako droni ya Marekani iliua raia 10 kwenye ua wa nyumba, 7 kati yao wakiwa watoto. Tunalichukua kwa sababu jeshi lililofyatua kombora lilichunguza kosa lake, waandishi wa habari nao wakachunguza kwa njia yao, kisha nyaraka nyingine zikapatikana kupitia mahakama. Ni nadra kuwa na vyote vitatu kwa shambulio moja.

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo watu huchanganya. Droni ya kuangalia na droni ya kupiga ni kazi mbili. Goma iliijua ya kwanza mapema: Desemba 2013 MONUSCO ilianza kurusha kutoka hapa droni za Falco zilizotengenezwa Italia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Mataifa kutumia droni zake katika ujumbe wa kulinda amani. Falco haikubeba silaha. Ikiona kundi la wapiganaji, picha zilikwenda kwa makamanda, nao ndio waliopanga nani aende, lini na kwa njia gani. Mei 2014 ilisaidia hata kuokoa watu baada ya chombo kuzama Ziwa Kivu. Kati ya jicho na risasi palikuwa na watu wengi, simu nyingi na mara nyingine siku nzima.

Marekani ilianza hivyo hivyo. Droni yake ya Predator iliruka juu ya Bosnia mwaka 1995 ikiwa na kamera tu. Tatizo walilokuwa nalo makamanda lilikuwa muda: droni inamwona mtu, ndege ya kivita inaitwa, ikifika mtu ameondoka. Februari 2001 wakajaribu kombora la Hellfire chini ya bawa la Predator, na Oktoba mwaka huo huo, vita vya Afghanistan vilipoanza, Predator yenye silaha ikatumika kwa mara ya kwanza vitani. Tangu hapo anayeangalia na anayepiga wakawa wamekaa chumba kimoja, viti viwili sambamba. Muda wa kungoja ukaondoka, na pamoja nao ukaondoka muda ambao mtu mwingine angeweza kuuliza swali.

Droni iliyotumika Kabul ni MQ-9 Reaper, mdogo wake Predator lakini mkubwa kwa umbo. Mabawa yake yana urefu wa mita 20 kutoka ncha hadi ncha, na ikiruka bila mzigo mkubwa wa silaha inaweza kukaa angani zaidi ya siku nzima. Rubani anaendesha, mwenzake anaongoza kamera na leza. Picha inapita kwenye setilaiti kabla ya kuwafikia, kwa hiyo wanachokiona kimeshapita kwa sekunde moja au mbili. Hellfire lenyewe lina uzito wa karibu kilo 50 na hufuata doa la leza. Ndiyo maana hulenga vizuri sana: likiambiwa mlango wa kushoto wa gari, linafika mlango wa kushoto. Usahihi huo ni wa kweli, wala hakuna haja ya kuubeza. Ila ni usahihi wa kufika mahali. Aliyeko mahali hapo ni nani, kombora halijui.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Tarehe 26 Agosti 2021, wakati wa kuondoa watu Kabul, mshambuliaji wa kujitoa mhanga alijilipua kwenye lango la uwanja wa ndege. Wanajeshi 13 wa Marekani na Waafghani wapatao 170 waliuawa. Baada ya hapo taarifa za upelelezi zilimiminika: shambulio jingine linakuja, na mojawapo ya vitu vilivyotajwa ni gari aina ya Toyota Corolla nyeupe. Yeyote aliyewahi kuona picha ya barabara za Kabul anajua uzito wa taarifa hiyo. Ni kama kuwaambia polisi wa Goma wamtafute mwendesha pikipiki aliyevaa koti.

Asubuhi ya tarehe 29, muda mfupi kabla ya saa tatu, Corolla nyeupe ikaonekana mahali ambapo wapelelezi waliamini panatumiwa na tawi la Dola la Kiislamu. Droni zikaanza kuifuata. Kwa maelezo ya jeshi lenyewe, hadi Reaper sita zilihusika, na gari lilifuatwa kwa takriban masaa manane. Dereva alikuwa mfanyakazi wa muda mrefu wa shirika la misaada lenye makao California, linaloshughulika na lishe. Siku yake ilikuwa ya kawaida: aliwachukua wenzake kazini, akasimama hapa na pale, akaenda ofisini, akawarudisha wenzake, akaelekea kwake.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo mengi, kwa hiyo tusipite haraka. Kila kitendo cha siku hiyo kilikuwa na maelezo mawili, na chumba cha maamuzi kilichukua moja. Mfuko ulipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa mshambuliaji wa tarehe 26 alidhaniwa kubeba bomu kwenye mfuko wa aina hiyo, mfuko huu nao ukaonekana wa hatari. Ulikuwa wa kompyuta. Alasiri, kwenye ua wa ofisi, wanaume walipakia ndani ya gari vyombo vilivyoonekana vizito, wakivishika kwa uangalifu. Vikasomwa kama vilipuzi. Kamera ya ulinzi ya ofisi hiyo ilimwonyesha dereva akijaza maji kwa mpira, maana mtaani kwake maji hayakuwa yakipatikana. Msomaji wa Ndosho au Majengo hahitaji kuelezwa kwa nini mtu mwenye gari la kazi anarudi nyumbani na bidoni za maji. Mtu aliyekaa mbali mbele ya kioo, ambaye bomba la nyumbani kwake halijawahi kukauka, hawezi kulifikiria hilo haraka.

Tunasema hivyo bila kudai kwamba waendeshaji walikuwa wajinga au wakatili. Walikuwa wameulizwa swali moja tu: gari hili linajiandaa vipi kushambulia? Ukiulizwa hivyo, chombo kizito kinakuwa bomu, na tahadhari ya kutomwaga maji inakuwa tahadhari ya kutolipuka. Ungeuliza kwa namna nyingine, yaani nini kinathibitisha kwamba huyu ni mtu wa kawaida, ungepata orodha ndefu: anashusha abiria wale wale aliowapakia, anaingia ofisi yenye mlinzi na geti, hakwepi barabara kuu, habadilishi gari. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza swali hilo la pili.

Idadi ya droni haikusaidia. Macho sita yanaweza kudhaniwa ni mashahidi sita, lakini picha zote ziliishia kwa watu wale wale waliokwisha kuamini jambo lile lile. Na masaa manane yanaonekana mengi mpaka uyalinganishe na kazi yenyewe. Kujua mwenendo wa mtu kwa kawaida huchukua siku nyingi: anaamka saa ngapi, nani anaingia kwake, watoto wanacheza wapi, Ijumaa inatofautianaje na Jumatatu. Masaa manane yanaonyesha siku moja isiyokamilika, na siku moja haina cha kulinganishwa nacho. Hata nyumba yake, mahali ambapo kombora lingeangukia, haikuwa imeangaliwa kwa siku za nyuma ili ijulikane inakaa familia ngapi.

Karibu saa kumi na moja jioni gari liliingia kwenye ua wa nyumba, kama kilomita 3 kutoka uwanja wa ndege. Umbali huo ulikuwa na maana kubwa kwa waliokuwa wakitazama: gari likitoka tena, dakika chache tu lingekuwa langoni. Kamanda akaamua kwamba kupiga ndani ya ua ndiyo nafasi bora. Kiwango kilichotakiwa kilikuwa kile wanachokiita uhakika wa kutosha, ambacho ni hafifu kuliko ule wa karibu kabisa uliowahi kutakiwa kwa mashambulio ya nje ya viwanja vya vita. Kombora moja likafyatuliwa. Fyuzi yake, kifaa kinachoanzisha mlipuko, iliwekwa ichelewe kidogo ili mlipuko utokee ndani ya gari na usitawanyike. Mantiki ilikuwa kuwalinda waliokuwa nje. Jamaa wa familia walieleza kwamba watoto walikimbilia gari kumpokea dereva, kama walivyozoea.

Mkaguzi mkuu wa jeshi la anga la Marekani, Luteni Jenerali Sami Said, alipoangalia video baadaye alisema kwamba mtoto mmoja alionekana dakika mbili kabla ya kombora kufyatuliwa. Akaongeza kwamba haikuwa rahisi kumwona kwa wakati ule, isipokuwa labda kwa mtu anayemtafuta. Kauli hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Ni utetezi, na hapo hapo ni ushahidi wa kosa, maana katika ua wa nyumba ya watu, jioni, mtoto ndiye kitu cha kwanza kinachopaswa kutafutwa. Kamera ya droni ikivutwa karibu huona vizuri lakini eneo dogo sana. Gari likiwa limejaza kioo, mlango wa jikoni uko nje ya picha. Ukiachia kamera ipanue, unaona ua wote lakini mtoto anakuwa doa. Zaidi ya hayo, droni haikai wima juu ya kichwa. Inazunguka kwa mbali na kuangalia kwa mshazari, kwa hiyo ukuta mrefu unaficha nusu ya ua katika sehemu ya kila mzunguko.

Mara tu baada ya mlipuko jeshi lilidai palitokea mlipuko wa pili mkubwa, na kwamba hiyo ilithibitisha kuwa gari lilikuwa na bomu. Madai haya ni ya kawaida katika taarifa za mashambulio, na njia ya kuyapima ipo. Gari lililojaa vilipuzi likilipuka uani huangusha kuta, hutoboa ardhi na kuacha vyuma vimetawanyika mbali. Waandishi waliofika nyumbani pale walikuta ukuta wa jirani umesimama na hakuna shimo la kiasi hicho. Jeshi baadaye likakubali kwamba kilichowaka kwa mara ya pili huenda kilikuwa mtungi wa gesi.

Tarehe 1 Septemba Jenerali Mark Milley, mkuu wa majeshi ya Marekani wakati huo, aliliita shambulio hilo la haki. Tarehe 10 gazeti la New York Times likachapisha uchunguzi wake uliounganisha video za kamera za ofisi, mahojiano na picha za mabaki. Tarehe 17 Jenerali Kenneth McKenzie, mkuu wa Kamandi ya Kati ya jeshi la Marekani wakati huo, akakiri lilikuwa kosa la kusikitisha. Lakini nyaraka ambazo gazeti hilo lilizipata kwa kesi ya mahakamani, na kuzieleza mwaka 2023, zinaonyesha kwamba wachambuzi wa jeshi waliona uwezekano wa vifo vya raia dakika chache baada ya mlipuko, na ndani ya masaa matatu walikuwa wamekadiria kwamba watoto wasiopungua watatu wameuawa. Kwa hiyo ukimya wa wiki mbili na zaidi haukutokana na kamera kushindwa kuona.

Ripoti ya Said ya Novemba 2021 ilisema sheria haikuvunjwa. Ilitaja makosa ya utekelezaji, mawasiliano yaliyokatika na tabia ya kuona kile unachotarajia kuona. Desemba ikatangazwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Pendekezo moja la ripoti hiyo lina uzito wa kiutendaji: kuweka ndani ya chumba cha maamuzi watu ambao kazi yao ni kupinga, wanaotafuta sababu za kutopiga.

Mjadala wa sheria unaanzia hapo hapo kwenye neno la mkaguzi kwamba sheria haikuvunjwa. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ambayo Kongo ni mwanachama wake na Marekani siyo, inasema pakiwa na shaka kama mtu ni raia au la, achukuliwe kuwa raia, na anayeshambulia afanye kila kinachowezekana kuhakiki shabaha. Wanaotetea shambulio la Kabul wanasema kwa saa ile, na kwa hofu ile, kilichowezekana kilifanyika. Sheria humpima kamanda kwa alichojua, si kwa tulichojua sisi baadaye. Wanaopinga wanajibu kwamba droni inayoweza kukaa angani siku nzima inabadilisha maana ya kinachowezekana. Rubani wa ndege ya kivita anayepita kwa kasi ana sekunde chache. Mwenye Reaper ana masaa, na akiwa na masaa anadaiwa zaidi. Sisi tunaona hoja hii ya pili ina nguvu. Huwezi kusifu droni kwa subira yake, halafu ikikosea uiombee msamaha wa aliyekuwa na haraka. Mwaka 2023 Marekani ilibadilisha mwongozo wake wa sheria za vita na kuandika wazi kwamba mtu asiyejulikana achukuliwe kuwa raia mpaka taarifa zionyeshe vinginevyo.

Upo pia mjadala kuhusu umbali, nao mara nyingi huendeshwa vibaya. Husemwa kwamba anayepiga akiwa mbali haoni uchungu, anacheza kama mchezo wa video. Ukweli ni tofauti: waendeshaji wa droni huwaona wanaowaua kwa muda mrefu na kwa karibu kuliko rubani wa kawaida, na wengine wameathirika akili. Tatizo la umbali liko kwingine. Askari aliyeko mtaani anaweza kumuuliza jirani, kusikia sauti za watoto nyuma ya ukuta, kugonga bidoni. Shambulio la Kabul lilifanywa na droni zilizotoka nje ya Afghanistan, bila mtu wa kuhakiki mtaani. Kwa upande wa pili, kwa kuwa hakuna askari anayehatarishwa, kiongozi wa kisiasa hupata urahisi wa kuidhinisha shambulio ambalo asingelituma kikosi kulifanya.

Silaha hizi haziko tena mikononi mwa wachache. Afrika tayari ina Tudun Biri, kijiji cha jimbo la Kaduna, Nigeria. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2023 droni ya jeshi ilipiga watu waliokuwa kwenye Maulidi, na idara ya serikali inayoshughulikia dharura ikahesabu waliokufa 85. Jeshi lilikiri kosa: mkusanyiko wa watu ulisomwa kama mwenendo wa majambazi wenye silaha. Ni Kabul ile ile kwa kundi badala ya gari. Kwetu, jeshi la Kongo, FARDC, lilipata droni za CH-4 kutoka China, na usiku wa kuamkia 17 Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni; jeshi lilisema ndege za kiraia ndizo zilizoharibiwa. Pande zote za vita hivi hutangaza mashambulio ya mwenzake kuwa mauaji ya raia na ya kwake kuwa ya kulenga kambi. Mtu wa kawaida hana njia ya kuamini wala kukataa, isipokuwa kwa kilichobaki chini.

Na kilichobaki chini huharibika haraka. Kabul iliwezekana kwa sababu ofisi ilikuwa na kamera yenye saa, gari halikuondolewa na waandishi walifika mapema. Kwa anayefika mahali palipopigwa Goma, Masisi au Minembwe, kwa usalama na kwa ridhaa ya wenyeji, vitu vyenye faida ni hivi: saa ya mlipuko kutoka kwa watu waliosikia bila kuambizana, picha ya eneo zima kabla ya picha za karibu, shimo likipigwa picha pamoja na kitu cha kupimia, hata kiatu, kuta zilizosimama, siyo zilizoanguka tu, vipande vya chuma, mabawa madogo na nyaya, hasa vyenye namba au maandishi, vikipigwa picha pale pale vilipo. Kisichojulikana kama kimelipuka hakiguswi, na watu wanasogezwa. Faili ya awali ya video ihifadhiwe ilivyo kwenye simu au kadi, kwa kuwa WhatsApp huibana na kufuta taarifa za saa na mahali, na ndizo za kwanza kuulizwa na mchunguzi. Majina ya mashahidi yaandikwe mbali na picha, kwenye daftari ambalo halitembei barabarani.